Swali la 4 la kwizi ya takwimu: kijiti cha mkojo kimetoka chanya, kwa nini jibu si asilimia 95?

Bint_Ole

Assalaam alaykum wana jamvi. Nipo mwaka wa kwanza chuo cha afya, na wiki hii tulifanya kwizi ya takwimu. Swali la 4 nimepata sufuri, na mpaka sasa sijaelewa kosa langu liko wapi. Karatasi ilikuwa kwa Kiingereza, nimelitafsiri kama lilivyo:

> Katika skuli moja asilimia 2 ya wanafunzi wana kichocho. Kijiti cha kupimia damu kwenye mkojo hutambua asilimia 90 ya wenye kichocho. Chanya za uongo ni asilimia 5. Mwanafunzi mmoja amechaguliwa kwa bahati nasibu, amepimwa, ametoka chanya. (a) Uwezekano kwamba ana kichocho ni upi? (b) Akipimwa tena akatoka chanya tena, uwezekano unakuwa upi?

Mimi niliandika (a) asilimia 95. Nilifikiri hivi: kama chanya za uongo ni 5 kwenye mia, basi chanya za kweli ni 95 kwenye mia. Mwenzangu niliyekaa naye aliandika 90, naye kapata sufuri. Maalim kaandika ubaoni 27 na kipindi kikaisha. Asilimia 27! Yaani mtoto katoka chanya na bado kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba ni mzima? Naomba mnieleweshe.

KijanaWaKonde

Waalaykum salaam. Dada, hapo ni kuzidisha tu. Asilimia 2 wana ugonjwa, na katika hao 90 kwa mia wananaswa. 0.02 mara 0.90 ni 0.018. Jibu ni asilimia 1.8. Hiyo 27 ya maalim sijui kaitoa wapi.

Hamadi_Hesabu

Konde, umeanza vizuri ukasimama katikati ya njia. Hiyo 0.018 ni kweli kabisa, ila inajibu swali jingine. Inakwambia: nikimshika mtoto yeyote kabla ya kumpima, uwezekano gani kwamba ana kichocho na pia atatoka chanya. Swali la dada linasema mtoto ameshatoka chanya. Waliotoka hasi wote wameshakwenda zao darasani, hawamo tena kwenye hesabu.

Bint Ole, weka kanuni pembeni kwanza. Nasomesha hesabu miaka mingi, na nimeona watu wakiipata hii kwa kuhesabu vichwa kuliko kwa kukariri. Chukua skuli ya wanafunzi 1000. Wapange wote uwanjani.

Asilimia 2 wana kichocho, kwa hiyo 20 ni wagonjwa na 980 ni wazima. Wapime wale 20 kwanza. Kijiti kinanasa 90 kwa mia, kwa hiyo 18 wanatoka chanya na wawili wanaponyoka. Sasa wapime wale 980 wazima. Kijiti kinawasingizia 5 kwa mia. Asilimia 5 ya 980 ni 49. Watoto 49 wazima kabisa wanatoka chanya.

Sasa nenda kasimame mlango wa chumba cha kupimia, wote waliotoka chanya wapite mbele yako mmoja mmoja. Wangapi wanapita? 18 na 49, jumla 67. Yule mtoto wa kwenye swali ni mmoja katika hawa 67. Katika hawa 67 wagonjwa ni 18. Gawa 18 kwa 67, unapata karibu 0.27.

Kwa maandishi ya mtihani, K ikiwa ni kuwa na kichocho:

```
P(K|+) = (0.90 × 0.02) / (0.90 × 0.02 + 0.05 × 0.98)
       = 0.018 / 0.067
       = 0.27
```

Konde, unaiona 0.018 yako ilivyokaa juu? Ulikuwa nayo, umesahau kuigawa kwa wote waliotoka chanya.

Bint_Ole

Maalim Hamadi, nimehesabu mwenyewe kwenye daftari na imetoka 67. Nimeelewa hesabu. Lakini bado moyo unakataa. Kipimo kinakosea 5 tu kwenye mia, inakuwaje wengi wa waliotoka chanya wawe wazima?

Hamadi_Hesabu

Kwa sababu wazima ni wengi mno. Asilimia 5 ni ndogo, lakini unaichota kwenye pipa la watu 980. Asilimia 90 ni kubwa, lakini unaichota kwenye kikombe cha watu 20. Chota kidogo kwenye pipa, utapata maji mengi kuliko ukikausha kikombe.

Ndiyo maana kila ukiona asilimia kwenye swali la namna hii, uliza: asilimia ya nani? Ile 90 ni ya wagonjwa. Ile 5 ni ya wazima. Wewe unaulizwa asilimia ya waliotoka chanya, na hao ni kundi la tatu ambalo hukupewa, lazima ulijenge mwenyewe. Mwenzako aliyeandika 90 kachukua asilimia ya wagonjwa akaivisha waliotoka chanya.

TumbeMoja

Kwa hiyo kijiti hiki ni sahihi kwa asilimia 27 tu? Basi kipimo kibovu, wanatupotezea watoto muda. Kurusha shilingi kunakupa 50.

Hamadi_Hesabu

Hapana Tumbe, hukusoma hivyo. Kabla ya kupima, ungemshika mtoto yeyote pale uwanjani, nafasi ya kumpata mgonjwa ilikuwa 20 kwa 1000. Baada ya kijiti, ukimshika mmoja katika wale 67, nafasi ni 18 kwa 67. Imepanda zaidi ya mara 13. Shilingi haiwezi kukufanyia hivyo. Na tazama upande wa pili: waliotoka hasi ni 933, na humo wagonjwa ni wawili tu. Kijiti kikisema hasi hapo, unaweza kulala usingizi.

Kosa la watu ni kutaka namba moja iitwe "usahihi wa kipimo". Hiyo namba moja haipo.

Mkarafuu74

Nimesoma kimya kimya tangu asubuhi, sasa naingia, maana kijiti hicho nimekichovya kwenye mikojo ya watoto wa Pemba zaidi ya miaka thelathini. Nilikuwa maabara, sasa nimestaafu.

Bint Ole, mwanangu, hii 27 isikutishe. Mimi nimeiona ikitokea kwa macho. Tulipoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1980, zipo skuli hapa Pemba zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na kichocho. Mtoto anakuletea kikopo, mkojo rangi ya chai ya rangi, na wengine damu unaiona bila kipimo. Unachovya kijiti, kile kibandiko cha njano kinageuka kijani papo hapo. Ukipeleka mkojo huo kwenye darubini, mayai yamejaa, na ule mwiba wake nchani unauona bila kutafuta. Wakati ule kijiti kikisema chanya hatukubishana nacho.

Kisha dawa ikagawiwa miaka na miaka, watoto wakamezeshwa skulini na watu wazima mitaani, ugonjwa ukashuka. Tukaanza kuona jambo jipya: kijiti kijani, darubini hakuna kitu. Vijana wa maabara wakadhani vijiti vimeharibika, wakataka boksi jingine. Boksi jipya likafanya vile vile. Kijiti hakikubadilika. Waliobadilika ni watoto.

Kijiti hakioni kichocho. Kinaona damu. Damu ya kichocho, damu ya hedhi, damu ya maambukizi mengine ya njia ya mkojo, kwake yote ni damu.

Hamadi_Hesabu

Mzee Mkarafuu, ahsante sana. Hebu niiweke habari yako kwenye uwanja wetu wa watoto 1000, kwa kijiti kile kile, 90 na 5.

Tuseme wagonjwa ni nusu, 500. Chanya za kweli 450. Wazima 500, wanaosingiziwa 25. Chanya zote 475, na 450 ni za kweli: karibu 95 kwa mia.

Bint Ole, umeiona? Ile 95 yako ingekuwa jibu sahihi kwenye skuli ya mzee Mkarafuu ya wakati ule. Kwenye skuli yenye asilimia 2 inakuwa 27. Kijiti ni kile kile, hakuna kilichoguswa ila hiyo asilimia ya mwanzo.

Paje_Upepo

Na huku kwetu je? Mimi nipo Unguja, kusini mashariki, ardhi ya jiwe tupu, hatuna vijito wala mabonde ya mpunga, na yule konokono anayebeba kichocho hayupo. Mtoto aliyezaliwa na kukulia hapa kichocho hakipati mpaka asafiri.

Hamadi_Hesabu

Tuseme kwenu ni 2 kwa 1000, kwa ajili ya hao waliosafiri. Namba hii nimeiweka mimi kwa mfano tu. Chanya ya kweli ni 1.8. Wazima 998, wanaosingiziwa ni 49.9. Gawa 1.8 kwa 51.7, ni asilimia 3 na nusu. Karibu kila chanya utakayoiona huko ni damu ya jambo jingine.

UmmuYusra

Samahanini, mimi si mtu wa hesabu, ila nimefika hapa kwa sababu ya hiki kijiti. Binti yangu yupo darasa la saba. Walikuja kupima skulini kwao, chake kikageuka kijani, akaitwa jina mbele ya wenzake pamoja na wengine wachache wakapewa dawa. Alirudi nyumbani analia, wenzake wamemwambia anaoga kwenye madimbwi. Mimi nikamgombeza pia, Allah anisamehe. Sasa nasoma hapa kuhusu hedhi. Siku ile alikuwa siku zake. Hakuna aliyemuuliza. Kwa hiyo mwanangu ana asilimia 27?

Mkarafuu74

Pole sana Bi Ummu Yusra. Kumwita mtoto jina mbele ya wenzake si sawa, na kutomuuliza msichana wa darasa la saba kuhusu hedhi ni kosa la kazi. Sisi swali hilo alikuwa akiulizwa faraghani na mama au dada tuliyekuja naye, na anayesema ndiyo tunamwambia alete mkojo wiki ijayo.

Dawa aliyokunywa isikutie hofu. Ni ile ile inayogawiwa skuli nzima bila kupima mtu, mtoto anasimamishwa kwenye mti wa urefu na vidonge vinahesabiwa kwa urefu wake.

Hamadi_Hesabu

Bi Ummu Yusra, kwa binti yako 27 si namba yake. Ile 27 ni ya mtoto aliyechaguliwa kwa bahati nasibu ambaye hatujui lolote juu yake. Kwa binti yako yapo mambo mawili ya kuangalia. Kwanza alikuwa siku zake, na msichana aliye katika siku zake kijiti hakimsingizii 5 kwa mia, kinaweza kumsingizia karibu kila mara. Chanya ya namna hiyo haiongezi habari yoyote. Inakurudisha pale ulipokuwa kabla ya kupima, kwenye ile asilimia 2 au yoyote iliyo ya mahali penu.

Jambo la pili naomba utuambie: huwa anaingia kwenye maji ya mtoni au bondeni?

UmmuYusra

Nyumbani hapana. Ila likizo huenda kwa bibi yake, na huko wanafua kijitoni.

Hamadi_Hesabu

Basi ya mwanzo haiwezi kuwa 2 tena, ni zaidi. Kiasi gani, siwezi kukutungia. Inategemea kijito hicho.

KijanaWaKonde

Nimerudi. Nimekubali kuhusu kugawa. Sasa (b) naona ni rahisi: tunarudia uwanja ule ule, ila mara hii wamebaki 67. Wagonjwa 18, asilimia 90 yao ni 16.2. Wazima 49, asilimia 5 yao ni 2.45. Chanya mbili jumla 18.65. Gawa 16.2 kwa 18.65 unapata asilimia 87. Sivyo, maalim?

Hamadi_Hesabu

Ndivyo, na umeipata bila kanuni. Kwa mtihani andika 87 na utapewa alama zako.

Mkarafuu74

Kwa mtihani sawa. Kwa maabara nitapinga.

Konde, umewapima tena wale wazima 49 ukasema 5 kwa mia tu ndio watakaosingiziwa mara ya pili, wengine wote watatoka hasi. Ni kama kwamba kijiti kinapiga kura upya. Hebu fikiri kwa nini walitoka chanya mara ya kwanza. Huyu yupo kwenye hedhi, kesho bado yupo kwenye hedhi. Huyu ana maambukizi ya mkojo, jioni bado anayo. Ukichovya kijiti cha pili leo leo, wengi wa wale 49 watatoka kijani tena. Utawaandikia 87 na hali bado wako pale pale kwenye 27, au wamepanda kidogo sana.

Kupima mara mbili kunasaidia pale tu kosa la pili halina uhusiano na kosa la kwanza. Ndiyo maana sisi hatukurudia kijiti. Tulichukua mililita 10 za mkojo, tukazipitisha kwenye kichujio, tukaweka kichujio kwenye kioo na kutafuta yai. Hedhi haitagi mayai.

Bint_Ole

Mzee wangu, hilo hatujafundishwa kabisa. Kwa hiyo yale majibu ya (b) ni ya uongo?

Mkarafuu74

Si ya uongo mwanangu, yana sharti ambalo swali halikulisema. Ungekuwa wewe unayetunga swali, ungeandika kwamba makosa ya vipimo viwili hayategemeani. Bila sentensi hiyo, 87 haina miguu.

Na hata darubini yetu isifanywe hakimu wa mwisho. Mtoto mwenye minyoo michache hutoa mayai machache, leo yapo kesho hayapo. Tulikuwa tunachukua mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana kwa sababu wakati huo mayai hutoka kwa wingi, na bado tulikosa watu. Kwa hiyo katika wale 49 mnaowaita wazima, huenda mmoja wawili ni wagonjwa ambao darubini haikuwaona. Na ile 90 pia: ugonjwa ukiwa mwepesi damu ni kidogo, kijiti kinanasa wachache zaidi. Asilimia 2 inaposhuka, 90 nayo haikai palepale. Swali la kwizi limezishikilia zote zisimame, sawa, ni kwizi.

Paje_Upepo

Nina swali kuhusu maneno. Karatasi imesema "chanya za uongo ni asilimia 5". Maalim Hamadi umeichukua kuwa asilimia 5 ya wazima. Lakini Bint Ole aliisoma kuwa asilimia 5 ya chanya zote. Kwa usomaji huo, 95 ni jibu kamili na hakuna hata haja ya kupiga hesabu. Sasa kosa ni lake au ni la aliyeandika?

Hamadi_Hesabu

Swali zuri, na nimelirudia mara tatu kabla ya kujibu. Sentensi ile, kama ilivyotafsiriwa, inabeba maana zote mbili. Mimi nimezoea matumizi ya wana takwimu, kwa hiyo sikuiona maana ya pili mpaka umeitaja.

Ila jaribu usomaji wake mpaka mwisho. Chanya za kweli ni 18. Kama hizo ndizo 95 kwa mia ya chanya zote, basi chanya zote ni kama 19, na ya uongo ni moja tu. Yaani katika watoto 980 wazima, kijiti kimesingizia mmoja. Tena ile asilimia 2 na ile 90 hazina kazi kwenye (a). Mtunzi hakupi namba mbili bure.

Mkarafuu74

Hakuna kijiti cha damu duniani chenye usafi huo kwenye skuli yenye wasichana wakubwa.

KijanaWaKonde

Hapo sikubaliani nanyi wazee wangu. Kwizi ni ya takwimu, si ya maabara. Mwanafunzi hawezi kujibu kwa kujua vijiti vinavyofanya kazi. Na maswali yenye namba za ziada yapo tele, huwekwa makusudi kumpima mtu. Sentensi ikiwa na maana mbili, alama apewe.

Hamadi_Hesabu

Ningekuwa mimi ndiye ninayesahihisha, ningempa kama angeandika maana aliyoichagua. Kaandika 95 peke yake?

Bint_Ole

Niliandika 100 − 5 = 95, basi.

Leo nilimfuata maalim ofisini. Nimemwonesha watoto 1000 na nimempa 18 juu ya 67, amefurahi. Nikamuuliza asilimia 5 ni ya nani. Akachukua karatasi, akaisoma, akanyamaza kidogo, akasema atalirudia swali na wenzake wa idara kabla ya kutoa matokeo ya mwisho. Kuhusu (b) nikamwambia habari ya hedhi, akaniuliza nimeipata wapi. Mpaka sasa sufuri yangu ipo.

KijanaWaKonde

Usiache kufuatilia.

UmmuYusra

Mzee Mkarafuu, nikitaka binti yangu apimwe tena kwa darubini, nifanyeje? Siku zake zimekwisha tangu juzi.

Mkarafuu74

Bi Ummu, kwa kuwa ameshakunywa dawa, usikimbilie leo. Mpe kama wiki sita hivi, maana mayai yaliyokwisha kufa huendelea kutoka kwa muda, na asiyejua anaweza kuyasoma kuwa ugonjwa upo. Hiyo nayo ni chanya ya uongo, ila ya darubini. Chagua siku ambayo hayupo kwenye hedhi. Asikojoe asubuhi kituoni kwa haraka. Mpeleke kati ya saa nne na saa nane, anywe maji, atembee kidogo, akojoe kikopo kizima mpaka matone ya mwisho, kwani mengi hutoka mwishoni. Waambie unataka wachuje na waangalie mayai, usikubali kijiti peke yake. Na likizo ijayo kwa bibi, nguo zifuliwe kwa maji ya bomba au kisima.

UmmuYusra

Shukran mzee wangu. Nimemwita sasa hivi nikamwambia kijiti kiliona damu yake ya kawaida, na kwamba nilimgombeza bila haki. Ameuliza kama naweza kwenda kumwambia mwalimu wake pia. Nitakwenda Jumatatu.